Makomisyonere, acheni kurukisha nyumba kwenye video

LUBUMBASHI – Kila asubuhi makundi ya Watsapu ya hapa mjini yanajaa video za nyumba za kupangisha, na karibu zote zina ugonjwa mmoja: zinaruka. Tunaonyeshwa salon na plafo yake nyeupe, kisha kitanda, mara tuko getini, mara jikoni. Mtu wa Likasi au Kolwezi anayekuja kuanza kazi huku anatuma garanti akitegemea video kama hiyo. Sheria ya 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu, lakini hata miezi mitatu ni pesa nyingi kwa nyumba ambayo hujui choo chake kiko upande gani.

Makomisyonere wanajitetea kwamba ni haraka ya kazi tu. Sikubali. Mahali video inaporuka ndipo penye jambo la kuulizwa.

Tuchukue nyumba moja ya komini ya Kampemba iliyozungushwa hivi karibuni. Kijana aliyeitangaza alikubali kutupa vitu vyote alivyochukua kwa telefone: vipande 11 vya video na picha 9. Katika tangazo lake jikoni ilifuatwa na chumba cha kulala, na mtazamaji angeweza kudhani vinapakana. Choo hakikuonekana kabisa. Lakini ndani ya vipande vile kulikuwa na kimoja kinachotoka jikoni kwa mlango wa nyuma hadi kwenye robine ya uani, na picha moja ya choo, nyuma ya nyumba ya jirani wa lupango uleule. Yeye aliviacha.

Tulianza na karatasi. Tulichora nyumba, tukapitisha kalamu toka barabarani bila kuiinua: geti, uwanja wa lupango, baraza, salon, korido, chumba cha kushoto, chumba cha kulia, jikoni, mlango wa nyuma, robine, choo. Njia ya miguu ndiyo njia ya video. Kila kipande kinaanza kwenye mlango ambapo kile cha mbele yake kiliishia. Chumba kisicho na mlango wa pili, kamera inaingia, inazunguka polepole, na tunakata hapo. Kipande kinachofuata lazima kianzie koridoni, ili mtazamaji ajue ametoka.

Picha zilitupa shida zaidi. Picha haina mlango, kwa hiyo ukiiweka kati ya vyumba viwili inakata njia. Tuliiweka kila moja baada ya video ya chumba chake, sekunde 4, basi. Nne tulizitupa kwa sababu zilirudia kilichoonekana tayari. Ile ya choo ilibaki peke yake, maana video yake haikuwepo, na tuliandika juu yake: «Picha tu. Choo cha nje, nyumba mbili zinatumia pamoja.»

Maandishi ndiyo mahali makomisyonere wengi wanapoharibu. Kuandika «salon nzuri» ni bure, salon tunaiona. Maandishi yaseme kile ambacho kamera haiwezi: maji ya Regideso yanatoka saa ngapi, kaunta ya umeme ni ya peke yako au ya lupango wote, video ilichukuliwa tarehe gani. Na yaseme vipimo. Chumba cha kulia kilichukuliwa kwa lensi pana ya 0.5x, na kilionekana kama ukumbi. Utaijua lensi hiyo kwa miimo ya milango inayoinama pembeni na karo za chini zinazovutika. Tulihesabu karo, 7 kwa 6, kila moja sentimita 40. Hiyo ni mita 2.80 kwa 2.40. Kitanda cha mita 1.60 kikiingia, upande mmoja zinabaki sentimita 80, na kabati litafute pa kwenda. Tuliandika vipimo hivyo kwa herufi kubwa, mstari mmoja, katikati ya skrini, kwa sababu Watsapu inabana video na herufi ndogo zinageuka ukungu.

Yote ilifika sekunde 98. Kijana alilalamika kwamba ni ndefu na inakula mega za watu. Nauli ya kutoka Likasi kuja kukuta choo cha jirani inakula zaidi.

Lakini tuseme lingine. Komisyonere analipwa pesa ya vizite kila anapomfikisha mtu mlangoni, hata mtu akikataa nyumba. Video inayoruka inamletea vizite nyingi. Ile yenye njia inawaondoa mapema wale ambao wangekataa, na hapo anapoteza. Ndiyo sababu wapangaji wasingoje wema wake: kabla ya kutuma hata faranga moja, ombeni kipande kimoja kisichokatwa, toka geti hadi choo.