DENI LA KAMPUNI LAPIMWA MARA MBILI

Kampuni inapotaka kukopa, wakurugenzi wake huja na maneno matamu: mtambo mpya, masoko mapya, faida tele. Mjumbe wa baraza la wafanyakazi na awasikilize kwa adabu, kisha aombe vitabu vya hesabu. Vipimo viwili vitamwonyesha kama kampuni yaweza kubeba mzigo mwingine, wala havihitaji elimu zaidi ya kujua kugawanya.

Kipimo cha kwanza ni uwiano wa deni. Madeni yote yenye riba hugawanywa kwa jumla ya madeni hayo pamoja na mtaji wa wenye hisa. Tuwaze kiwanda cha kukamua mafuta chenye deni la shilingi milioni 400 na mtaji wa wenye hisa wa milioni 600. Deni ni 40 kwa mia. Kipimo cha pili ni kinga ya riba. Faida ya mwaka, kabla ya kutoa riba na kodi, hugawanywa kwa riba ya mwaka. Kiwanda hicho kikipata milioni 120 na kudaiwa riba ya milioni 40, kinga yake ni mara 3. Yaani faida yaweza kupungua kwa theluthi mbili kabla riba haijakosa fedha za kuilipa.

Sasa kiwanda chataka kukopa milioni 300 kwa riba ya 12 kwa mia. Deni litafika milioni 700, na uwiano utapanda hadi 54 kwa mia. Riba itaongezeka kwa milioni 36 na kuwa milioni 76. Mtambo hauzai matunda siku unapofungwa, lakini riba huanza kuhesabiwa siku mkopo unapopokewa. Kwa faida ile ile ya milioni 120, kinga yashuka hadi mara 1.6. Mvua ikikosekana, alizeti ikawa haba na faida ikapungua kwa theluthi moja, zabaki milioni 80 za kulipia riba ya milioni 76. Na hapo hakujalipwa hata senti moja ya deni lenyewe.

Basi uwiano wa 54 kwa mia ni salama au ni hatari? Haujibiki peke yake. Kampuni ambayo mapato yake hayayumbi yaweza kuubeba; kiwanda kinachotegemea mavuno hakiwezi. Ndiyo sababu yapasa kuhesabu kinga ya riba kwa faida ya mwaka mbaya, si ya mwaka mwema ambao wakurugenzi wanapenda kuuonyesha.

Hata kampuni yenye mapato ya hakika yaweza kuzama. Kampuni ya maji ya Thamesi, inayowahudumia watu wa London, iliuzwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1989 ikiwa haina deni. Wateja wake hawana pa kwenda kununua maji kwingine. Wenye fedha waliona humo nafasi ya kukopa sana, huku wenye hisa wakigawiwa faida. Kufikia mwaka 2017 deni lilikuwa limepita pauni bilioni 10, na uwiano ulikuwa umefika karibu 80 kwa mia, ingawa msimamizi wa Serikali katika hesabu zake za miaka 2020 hadi 2025 aliweka 60 kwa mia kuwa kipimo cha kampuni ya namna hiyo.

Funzo kubwa limo katika namna ya madeni yenyewe. Sehemu kubwa ilikuwa mikopo iliyofungwa na kupanda kwa bei. Riba inayolipwa kwa fedha taslimu huwa ndogo, na kinga huonekana nzuri. Lakini bei zikipanda, deni lenyewe hukua kimya kimya. Bei zilipofumuka mwaka 2022, mzigo ukaongezeka. Tena kampuni mama iliyo juu yake ilikuwa na madeni yake mbali, ikitegemea gawio kutoka chini. Gawio lilipokoma, kampuni mama ilishindwa kulipa riba mwezi Aprili 2024. Mwezi Februari 2025 mahakama iliidhinisha mkopo wa dharura wa hadi pauni bilioni 3 kwa riba ya 9.75 kwa mia. Mzigo huo haukuwa wa wenye hisa peke yao: hati za maji za wananchi zilipandishwa mwaka huo huo.

Kwa hiyo mjumbe akiletewa hesabu na aulize mambo matatu. Je, madeni ya kampuni mama yamehesabiwa? Je, riba isiyolipwa taslimu bali kuongezwa juu ya deni imehesabiwa? Na katika mwaka mbaya, kinga ni mara ngapi? Ikiwa jibu la swali la tatu ni mara 1 na chembe, mkopo huo ungoje, au wenye hisa watie kwanza fedha zao wenyewe.