GLOVU PEKE YAKE SI KINGA

KATIKA hoteli za ufukweni mwa Bagamoyo, na katika saluni za kutoka Bunju hadi Bagamoyo mjini, wapo wafanyakazi ambao mikono yao imepasuka, inawasha na kutoa majimaji. Baadhi yao hudhani ni fangasi, wakapaka dawa mwezi baada ya mwezi pasipo nafuu. Fangasi mara nyingi hushika mkono mmoja. Maradhi yakishika mikono yote miwili, yakaanzia katikati ya vidole au chini ya pete, yakatulia wakati wa likizo na kurejea kazini, basi yaelekea ni ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, nao umeletwa na kazi.

Chanzo chake kikubwa si uchafu bali ni maji. Ngozi ina mafuta ya asili yanayoilinda. Maji na sabuni huyaondoa, na yakiondolewa upesi kuliko yanavyorudi, ngozi hupasuka. Wataalamu wa afya ya kazi huona hatari pale mikono inapokaa majini zaidi ya saa 2 kwa siku, au inaponawishwa zaidi ya mara 20.

Tumchukue, kwa mfano, mhudumu wa hoteli mwenye vyumba 10 vya kusafisha. Amepewa glovu za mpira, naye huzivaa tangu asubuhi hadi mchana. Katika joto la pwani yetu glovu hizo hujaa jasho, na mikono hulowa humo kama iliyomo ndani ya ndoo. Ikiwa glovu ina tundu, dawa ya klorini hupenya na kubaki imegandamana na ngozi. Mhudumu huyu anaweza kuumia kuliko asiyevaa kabisa, na lawama si yake, kwa sababu hakuna aliyemfundisha.

Utaratibu ulio sawa ni huu. Avue pete, akaushe mikono, avae glovu nyembamba za pamba, kisha za mpira juu yake. Azivae wakati wa kusafisha choo na kudeki tu. Kutandika kitanda afanye bila glovu, ili ngozi ipumue kila chumba. Za pamba zikilowa jasho azibadilishe. Kila asubuhi azijaze za mpira maji na kuzibana, inayovuja itupwe.

Jambo la pili ni mafuta. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanafaa kuliko losheni yenye harufu nzuri. Yapakwe kila baada ya kunawa, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo, hadi katikati ya vidole, na yapakwe kwa wingi wakati wa kulala. Kopo likiwa nyumbani halimsaidii mtu aliye kazini; mahali pake ni kando ya sinki. Kusugua mikono kwa ndimu au sabuni ya unga huongeza madhara.

Msusi ana adui wa ziada. Dawa nyingi za kutia nywele rangi nyeusi zina kemikali iitwayo parafenilini-diamini, na ndiyo hiyo inayopatikana katika piko wanalopakwa maharusi wa pwani. Mwili ukishaikataa, huikataa maisha yote: malengelenge na muwasho hutokea siku 1 hadi 3 baada ya kuigusa. Glovu nyembamba za mpira wa kawaida huipitisha. Za nitrili huizuia vizuri zaidi, nazo ni za kutumia mara moja. Azivae pia wakati wa kuisuuza rangi, kwa kuwa hapo ndipo wengi huzivua. Nywele zikatwe kabla ya kutiwa rangi, si baada.

Aliyekwisha kuugua amwone daktari. Krimu ya steroidi hutuliza mwako, lakini ni dawa ya kupimiwa, na mkorogo wa madukani si badala yake. Aidha, ngozi inayoonekana imepona huhitaji miezi kadhaa kurudisha nguvu. Anayeacha mafuta mapema huanza upya.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inayatambua maradhi yatokanayo na kazi. Kwa hiyo mfanyakazi aandike tarehe mikono ilipoanza kuuma na ilipotulia, ampe daktari maelezo hayo. Msusi aliyejiajiri hana mwajiri wa kumchangia, na kwake kinga ndiyo fidia pekee.

Wenye hoteli na saluni wanaponunua sabuni, wanunue pamoja nayo glovu za pamba, za nitrili na kopo la mafuta. Mwajiri anayetoa glovu za mpira tu amefanya nusu ya wajibu wake.