King'ora Hakipanui Barabara (Sehemu ya 3)

Ndugu zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, acheni kumfokea dereva wa ambulensi eti "kanyaga mafuta." Pigeni hesabu kwanza. Chukua mlima wa kona kama Kitonga kule Iringa. Kilomita 5 kwa spidi 60 ni dakika 5. Ukinasa nyuma ya lori linalotambaa 20, ni dakika 15. Kumi zimeshapotea. Haya, fidia kwenye tambarare: kilomita 60, badala ya 80 kimbia 100. Unaokoa dakika 9 tu, na mama anazidi kutokwa damu! King'ora unapiga, lakini lori likupishe wapi? Mbele kona, pembeni korongo. Tunachodai ni njia ya ziada ya kupandia mlima, malori yakae kushoto.