Doa si la simu, ni la kidole

Wasee, acheni kulaumu simu. Ukifuta jerikeni ya njano kwa Healing ya Snapseed na ibaki doa kama uji umemwagika, shida ni vile umepaka. Apu haijui nyuma ya jerikeni kuna nini. Inakopa tu rangi za jirani kuziba pengo. Ukipaka kwa mpigo mmoja mahali ukuta unakutana na mchanga, inavichanganya vyote viwili.

Chukua picha ya ngamia hapa Elwak, jerikeni iko chini ya ukuta wa mabati. Kwanza vuta picha kwa vidole viwili. Ukiikaribia, brashi inafuta sehemu ndogo. Anza pale mabati yanagusa ardhi, miguso mifupi ukifuata huo mstari. Kisha mabati, halafu mchanga. Futa na kivuli pia, la sivyo kinabaki bila mwenyewe. Doa likitokea, rudi hatua moja nyuma. Ukipaka juu yake, apu inaweza kukopa doa lenyewe.

Na kama jerikeni imefunika mguu wa ngamia, achana na apu. Haiwezi kurudisha mguu ambao haijauona. Sogeza jerikeni, piga tena.