Rafiki mwenye kisukari au presha tumpelekee zawadi atakayoitumia

Desemba inapokaribia, na tena Ramadhani inapoingia, madukani hupangwa vikapu vilivyofungwa kwa nailoni inayong'aa. Vilivyomo havibadiliki sana: kilo mbili za sukari, soda, juisi ya boksi, biskuti, jemu, pengine na tende. Ndivyo vilevile tunavyobeba tunapokwenda kumjulia hali mgonjwa. Tunanunua kwa mapenzi, na anayepokea anashukuru kwa dhati. Lakini kama ana kisukari au shinikizo la damu, tukishaondoka anabaki na mambo mawili: agawe zawadi yetu kwa majirani, au aile kidogo kidogo kwa sababu ipo kabatini.

Tutazame kitu kimoja tu kwenye kikapu hicho, boksi la juisi la lita moja. Lina sukari ya takriban gramu 100, yaani vijiko vya chai kama 25, hata pale boksi linapoandikwa kwamba ni tunda tupu lisiloongezwa sukari. Tunda likishakamuliwa, sukari yake huingia kwenye damu upesi. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima, hata aliye mzima wa afya, asizidishe gramu 50 hivi kwa siku za sukari ya kuongezwa, ya asali na ya juisi. Kwa hiyo asali tunayoipeleka kwa kuamini kuwa ni dawa nayo ni sukari. Na biskuti "zisizo na sukari" bado ni unga wa ngano, ambao mwilini hugeuka sukari.

Ombi langu kwako, ndugu msomaji, ni hili: fedha ile ile ya kikapu ipeleke kwenye kitu ambacho rafiki yako hukinunua kila mara na humwishia kila mara. Kwa mwenye kisukari, kitu hicho mara nyingi ni vijiti vya kupimia, vile ambavyo wengi huviita stripu.

Mfikirie mwalimu mstaafu anayemeza vidonge vya kisukari na vya presha. Mashine ya kupimia sukari anayo, aliletewa na mwanawe. Ilikuja na vijiti 10, vikaisha, na tangu hapo mashine imelala kwenye droo. Sasa anakisia sukari yake kwa namna anavyojisikia, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa sukari inaweza kuwa 14 naye asihisi lolote. Ukimletea mashine nyingine, atakuwa na mashine mbili zisizo na vijiti. Muulize kwanza jina la mashine yake, au akupigie picha sehemu ya mbele na boksi la vijiti la zamani. Vijiti vya mashine moja mara nyingi havisomwi na nyingine, hata kama zote ni za kampuni moja, kwa hiyo jina na aina vilingane na vilivyoandikwa kwenye boksi.

Kisha muulize nesi au daktari wake alimwambia apime mara ngapi. Anayepima kila asubuhi kabla ya kula atamaliza boksi la vijiti 50 chini ya miezi miwili. Aliyeambiwa apime mara mbili kwa wiki litamkaa karibu miezi sita, na hapo kuna tatizo: vijiti vingine vinatakiwa vimalizwe ndani ya miezi mitatu au sita tangu kichupa kifunguliwe. Huyo mnunulie vichupa viwili vya vijiti 25, afungue kimoja kimoja. Ukiwa dukani soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Mkumbushe pia aviache kwenye kichupa chake, kifuniko kikiwa kimekazwa, mbali na jiko na bafu, maana unyevu huviharibu na majibu yakaanza kudanganya. Ongeza na pakiti ya vichomo vya kidole, kwa sababu wengi hurudia kichomo kimoja hadi kinakuwa butu na kuwaumiza.

Kama anachoma insulini, au anameza vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, kisikosekane kitu kimoja kitamu: kipakiti kidogo cha glukosi cha kukaa mfukoni. Akianza kutoka jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, na mashine ikasoma chini ya 4, anahitaji gramu 15 hivi za sukari papo hapo, sawa na vijiko vya chai vitatu au vinne vilivyokorogwa kwenye maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Kwa rafiki mwenye presha asiye na mashine, mashine ni zawadi nzuri sana, ila wanunuzi wengi hukosea mkanda. Chagua ya kufunga juu ya kiwiko. Ile ya kifundo cha mkono hubadilisha majibu kirahisi mkono ukikaa juu au chini ya usawa wa moyo. Kabla ya kununua, pima mzingo wa mkono wake kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi ya kawaida hutosha sentimita 22 hadi 32. Mama mwenye mkono wa sentimita 37 akifungwa mkanda huo, presha itasomeka juu kuliko ilivyo, na kwa mkono mnene sana tofauti inaweza kukaribia pointi 20. Anaweza kuongezewa dawa asiyoihitaji kwa sababu ya mkanda tu. Mwambie muuzaji akupe mkanda mkubwa, na usikubali akikuambia huu huu utatosha.

Ukishampelekea, kaa naye apime mara ya kwanza. Atulie dakika tano, mgongo uegemee kiti, nyayo zikanyage chini, mkono ulale juu ya meza, asiongee. Apime mara mbili, aandike zote mbili kwenye daftari. Daftari hilo na kalamu uwe umevibeba wewe.

Na kama bado moyo wako unataka kupeleka chakula, peleka. Maharage, choroko, dagaa wasiotiwa chumvi, karanga zisizo na chumvi, matunda mazima machache, tangawizi, vitunguu saumu, ndimu, na bizari na pilipili manga zilizosagwa zenyewe. Viungo vya mchuzi vya paketi viache, vingi vimejaa chumvi, na kiwango cha mtu mzima kwa siku nzima hakifiki kijiko cha chai kimoja kilichojaa. Usimnunulie chumvi mbadala bila daktari wake kujua. Nyingi zina potasiamu, ambayo ni hatari kwa mwenye figo dhaifu na kwa anayetumia baadhi ya dawa za presha.

Jambo la mwisho ni namna ya kumkabidhi. Wapo waliowaficha hata ndugu zao habari za ugonjwa wao. Boksi la vijiti likifunguliwa sebuleni mbele ya wageni, umemtangaza. Kwa hiyo mbele za watu mpe kanga au kitabu, na vifaa vya kupimia mkabidhi faragha, pamoja na risiti, ili kama vijiti si vya mashine yake akavibadilishe kabla hajakifungua kichupa.