Waifai ya Wote Isiwe Dirisha la Wote

Kijana mmoja wa miaka kumi na sita alinifuata katika kituo chetu hapa Kinindo, akanionyesha simu yake. Alikuwa anatafuta filamu. Ndani ya programu ya kupanga mafaili alibonyeza sehemu ya kutafuta mashini za mtandao wa karibu, na mashini ya ofisi ikatokea. Akabonyeza tena, folda ikafunguka bila kuulizwa neno la siri. Ndani mlikuwa na picha za karatasi za ukimbizi za watu ninaowajua: majina, sura, idadi ya watoto, kijiji walichotoka kule Kivu ya Kusini.

Kijana hakuiba kitu. Alikuja kusema, na namshukuru. Lakini siku hiyo ukumbini kulikuwa na simu karibu thelathini, na sijui ngapi zilibonyeza palepale kabla yake.

Nilipolipeleka jambo hili kwenye mkutano, nilijibiwa: "Waifai yetu si ina neno la siri?" Ndugu zangu, jibu hilo ndilo linalonifanya niandike. Neno la siri la waifai ni mlinzi wa mlangoni tu. Ukishaingia, yeye hana habari tena na wewe. Na letu limeandikwa kwa chokaa ubaoni, kila anayekuja kujifunza au kuchaji simu analisoma. Neno linalojulikana na mtaa mzima linamlinda nani?

Tuelewane kwanza namna kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Simu mbili zikiwa kwenye waifai moja, haziongei zenyewe kwa zenyewe. Ya kwanza inaipa ruta ujumbe, na ruta inaupeleka kwa ya pili. Kwa hiyo ruta ndiyo yenye uwezo wa kukataa. Kutenga vifaa ni kuiambia: ujumbe wa simu kwenda intaneti, peleka, ujumbe wa simu kwenda simu nyingine, tupa. Ni hivyo tu. Hakuna wa kulipwa, wala hakuna kitu cha kununua. Ruta nyingi zina kitufe hicho, ila mara nyingi kimekuja kimezimwa, na aliyeifunga aliondoka mara intaneti ilipofunguka.

Anayedhani hatari ni watoto wadadisi tu, akumbuke Mei 2017. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta nyingi duniani na kudai pesa, hata hospitali za Uingereza zikakwama. Kiliruka kutoka mashini hadi mashini kwa kupitia njia ileile ya Windows ya kugawana mafaili. Dawa yake Microsoft walikuwa wameitoa tangu Machi, lakini mashini nyingi hazikuwa zimeipata. Sasa hesabu laptopu za mitumba zinazoingia ukumbini kwetu kila siku. Ni ngapi zimepata dawa yoyote?

Wapo waliopinga kwa sababu za kweli, na nitawajibu. Vijana walisema: "Mutatukata kugawana nyimbo na filamu." Hapana. Xender na wenzake kwa kawaida hufanya simu moja itoe waifai yake yenyewe, na nyingine ijiunge nayo. Hazipiti kwenye ruta ya kituo, kwa hiyo kitufe hiki hakizigusi. Wa ofisini wakasema: "Printa itakufa." Hapo wana haki. Printa ya waifai ikitengwa, hakuna atakayeifikia. Lakini jibu si kuwaacha watu thelathini waonane kwa ajili ya printa moja. Jibu ni kuihamisha printa iende kwenye mtandao wa ofisi peke yake.

Hivi ndivyo tulivyofanya. Tulifungua kwenye simu anwani ya ruta, kwetu ni `192.168.1.1`. Kwako utaiona kwenye maelezo ya waifai uliyojiunga nayo. Kitu cha kwanza tulibadili neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio yenyewe, kwa sababu kutenga vifaa hakumzuii mgeni kufika kwenye ruta. Kisha tukaingia sehemu ya waifai, mipangilio ya juu, tukakuta `AP Isolation`. Ruta nyingine zinaandika `Client Isolation` au `Wireless Isolation`. Kwenye mtandao wa wageni unaweza kukuta maneno `Allow guests to see each other`. Hiyo ondoa alama yake. Tukahifadhi.

Tukapima. Na hapa ndipo wengi wanajidanganya. Chukua simu mbili na upime kabla ya kuwasha kitufe: kwa programu ya `ping`, moja iite anwani ya nyingine, uone inajibu. Ukishawasha, ita tena. Kama mwanzo ilijibu na sasa iko kimya, umefaulu. Ukipima baada ya kuwasha tu, hasa kwa laptopu ya Windows, kimya hakithibitishi kitu, maana laptopu nyingi hukataa kujibu hata pasipo kutengwa.

Simu mbili za ukumbini zilinyamaza. Tukafurahi, nikabeba simu yangu hadi ofisini, nikaita simu iliyobaki ukumbini. Ikajibu!

Sababu ni kwamba tuna ruta mbili: ile kubwa ya ukumbini, inakofikia intaneti, na ndogo ya ofisini, zimeungwa kwa waya. Kila moja inatenga waliojiunga nayo yenyewe. Ujumbe unaopita kwenye waya kutoka ruta moja hadi nyingine, hakuna aliyeuzuia. Kama kituo chenu, iwe Musasa, Kavumu au Bwagiriza, kina sanduku zaidi ya moja, usiamini kitufe mpaka umetembea na simu pande zote. Na kama ruta inatoa waifai mbili, ya 2.4 na ya 5, pima pia simu moja huku na nyingine kule.

Dawa yetu ilikuwa waya uleule. Ulikuwa umechomekwa ofisini kwenye tundu la `LAN`, kwa hiyo ofisi na ukumbi vilikuwa nyumba moja. Tukauhamishia tundu la `WAN` na kuiacha ruta ndogo igawe anwani zake yenyewe, za `192.168.5`. Sasa ofisi ni chumba cha ndani: inatoka kwenda intaneti, lakini simu ya ukumbini haiwezi kuanza kuiita mashini ya ofisi. Printa iko humo ndani. Mtaka kuchapa analeta faili kwa mhudumu. Ni usumbufu, ndiyo, na mimi naukubali.

Sitawauzia mbuzi kwenye gunia. Kutenga vifaa hakufichi mawimbi: mwenye neno la siri la waifai na ujuzi anaweza kunasa yanayopita hewani. Wala hakufungi folda iliyoachwa wazi. Ile ya ofisi tuliifunga siku hiyohiyo, kabla ya kugusa ruta.

Kwenu mnaofanya kazi na wakimbizi: mnatusainisha karatasi ya siri kila mnapotuhoji. Mama aliyewasimulia kwa nini alivuka Rusizi usiku aliwaamini ninyi, hakuamini ukumbi mzima. Msingoje kijana mwenye roho nzuri aje kuwaambia. Kesho asubuhi chukueni simu mbili, mpime.