Fremu za Tinde: usijumlishe hela ya 2026 na ya 2028 kama ni moja

Wadau, kila anayeuza mtandaoni akipata faida kidogo anawaza fremu. Tinde ndiyo inatajwa sana, maana barabara ya Shinyanga, ya Nzega na ya Kahama zinakutana pale. Ujenzi wenyewe ni wa kidogokidogo: mwaka huu msingi, mwakani ukuta, mwaka wa tatu bati. Sina ugomvi na ujenzi huo, ugomvi wangu ni na hesabu yake.

Tuchukue mfano wa fremu nne (namba ni za mfano, weka zako). Leo kiwanja na msingi milioni 6. Baada ya mwaka mmoja, ukuta na lenta milioni 4.8. Baada ya miaka miwili, kupaua, milango na umeme milioni 7.2. Jumla milioni 18. Kodi ni 75,000 kwa mwezi kila fremu, yaani milioni 3.6 kwa mwaka. Hapo watu wanasema "miaka mitano hela imerudi, baada ya hapo nakula tu."

Shida ni kwamba hela hizo hazina tarehe moja. Kama mzigo wako wa nguo au vipodozi unakuzalishia asilimia 20 kwa mwaka, basi ili uwe na milioni 7.2 ya bati baada ya miaka miwili, leo unahitaji kuweka kwenye mzigo milioni 5 tu. Mwaka wa kwanza inakuwa 6, wa pili 7.2. Kwa hiyo bati lile kwa hela ya leo, siku unayoamua, ni milioni 5. Njia ni kugawanya kwa 1.2 kwa kila mwaka wa kusubiri. Ukuta unakuwa milioni 4, msingi unabaki 6. Gharama yote kwa hela ya leo ni milioni 15, siyo 18.

Mpaka hapo ni habari njema, ila kodi nayo inarudishwa hivyohivyo, na yenyewe iko mbali zaidi. Tuseme fremu hazikosi mpangaji wala hazidai ukarabati. Milioni 3.6 kila mwaka bila kikomo ni sawa na kuwa na milioni 18 kwenye mzigo, maana asilimia 20 ya 18 ni 3.6. Lakini hiyo 18 unaishika baada ya miaka miwili, fremu zikiisha. Gawanya kwa 1.2 mara mbili: milioni 12.5. Umeweka 15 kupata 12.5. Hata wapangaji wakae milele, mzigo ungekulipa zaidi.

Hapo nimechukulia kodi inalipwa mwisho wa mwaka. Mpangaji akilipa mwaka mzima mbele, siku fremu zinaisha unashika 3.6 papo hapo juu ya ile 18. Zinakuwa 21.6, na kwa hela ya leo ni milioni 15 kamili. Hupati hasara wala faida. Kodi ileile, tofauti ni mwezi wa kulipwa tu, na ina thamani ya milioni 2 na nusu.

Sasa hiyo asilimia 20 ndiyo roho ya hesabu, usiibandike kwa kujisifu. Ni faida inayobaki baada ya nauli ya mzigo, bando, matangazo, na chakula chako. Kama mzigo wako kwa ukweli unaacha asilimia 10, fremu hizohizo zenye kodi ya mbele zina thamani ya karibu milioni 32.7 dhidi ya gharama ya 16.3. Hapo jenga. Pia bei ya bati iandike ile unayoitegemea mwaka huo, siyo ya leo, na kodi ufanye hivyo hivyo.

Kinachoumiza wengi ni kusimama katikati. Kwa asilimia 20, ukichelewesha bati mwaka mmoja, gharama ya bati inashuka kwa hela ya leo kutoka milioni 5 hadi kama 4.17. Umeokoa laki 8 na kidogo. Lakini kodi nayo imesogea mbele, inashuka kutoka 15 hadi 12.5. Ndiyo maana kuta zilizoota majani ni hasara hata kama hakuna aliyeiba tofali.

Na kama wewe tayari umeshafika kwenye lenta? Tarehe ya uamuzi ni leo, siyo siku uliyonunua kiwanja. Milioni za msingi na ukuta zimeshatoka, usizirudishe kwenye karatasi. Kilichobaki ni bati na kodi: ukimaliza mwaka ujao unaweka 6 kupata 18, kwa hela ya leo. Ukisubiri miaka miwili unaweka 5 kupata 15. Mtu wa msingi nilimwambia apige hesabu tena. Wewe wa lenta uza hata sehemu ya mzigo upaue.